Alama zimepanda? Sawa, ila bado hujathibitisha kitu

Nimeletewa tena pepa ya kongamano niipitie kabla mwenyewe hajaenda kuiwasilisha, na sentensi ni ileile: wanafunzi waliofundishwa na wenzao wamepanda alama 13, hivyo mbinu inafanya kazi. Hapana jamani, hapana.

Tuseme darasa lina wanafunzi 40, ukawapa mtihani, ukachukua 12 wa mkiani wafundishwe na wenzao wiki sita. Wastani wao ulikuwa 31, sasa ni 44. Shida ni kwamba uliwachagua kwa sababu siku ile walifanya vibaya, na humo wapo waliofanya vibaya kwa bahati mbaya tu, kuna yule alikuja na homa akapata 9, siku akiwa mzima anapata 38 hata asifundishwe na mtu. Huyo peke yake ni alama 29, gawa kwa 12, kaupandisha wastani wa kundi zima kwa zaidi ya alama 2! Ndo kurudi kwenye wastani kwenyewe, kundi la mkiani ukilipima tena huwa linasogea juu hata usipoligusa.

Sasa nenda mkondo wa pili ambako hakuna aliyefundishana, chukua 12 wa mkiani vilevile, unakuta wametoka 32 hadi 40. Wamepanda 8 bure. Kwa hiyo cha kuongelea ni 5, sio 13, na hata hiyo 5 iseme kwa sauti ya chini maana watu ni 12 tu na mwalimu wa mkondo ule pengine ni mwingine.

"Mi sina mkondo wa pili." Basi toa mitihani miwili kabla ya kuanza, chagua watu kwa ule wa kwanza halafu maendeleo uyapime kuanzia wa pili, sehemu kubwa ya ile bahati inakuwa imeshajitoa. Masomo ya kawaida ya wiki sita bado yanabaki humo ndani, liseme hilo wazi.

Dhana nyingine, eti pepa yote lazima iingie kwenye dakika 15. Maswali yanakula 3, zimebaki 12: moja ya swali la utafiti, tatu za nani alipangwa na nani na walikaa dakika ngapi kwa wiki, tano za matokeo, tatu za mapungufu. Mapitio ya tafiti za nyuma yaache kwenye maandishi. Na matokeo yawe slaidi moja yenye mistari 12, kila mwanafunzi na mstari wake toka kabla hadi baada, yule wa 9 tumuone anavyoruka.

Halafu wale wanaosema anayemfundisha mwenzake anapoteza muda wake: Cohen, Kulik na Kulik mwaka 1982 walichambua tafiti 65, wakakuta hata wanaofundisha wananufaika. Ila kwenye pepa yako hujawapima kabisa, sasa utajuaje?