Je, wajua kwa nini gauni la saa tano hukaa wiki tatu kwa fundi?

"Fundi wangu nimemwona kwa macho yangu, gauni analimaliza kwa saa tano. Mbona la kwangu ananiambia nirudi baada ya wiki tatu?"

Ukitaka jibu, hesabu mifuko ya vitambaa vya wateja. Ingia dukani kwake, anza na ile iliyorundikwa chini ya meza ya kukatia, kisha iliyotundikwa ukutani, kisha vipande vilivyokatwa na kufungwa kwa utepe wa kitambaa. Halafu muulize ni nguo ngapi zinatoka zikiwa zimekamilika kwa siku ya kawaida. Gawanya idadi ya kwanza kwa ya pili, utapata siku ambazo gauni lako litakaa pale.

Tuchukue duka la watu wanne. Fundi mkuu hupima na kukata, mafundi wawili hukaa kwenye cherehani, na kijana mmoja humalizia: pindo, vifungo, pasi. Kila mshonaji hutoa nguo mbili kwa siku, kwa hiyo duka hutoa nguo 4. Mifuko iliyomo ni 72. Gawanya 72 kwa 4, unapata siku 18 za kazi, na kwa duka linalofungwa siku moja kwa wiki hizo ni wiki tatu kamili. Kwa saa nane za kazi kila siku, siku 18 ni saa 144. Mikono ya watu hugusa gauni lako kwa saa tano tu. Saa 139 zilizobaki limelala kwenye mfuko likingoja zamu.

Hesabu hii ina jina. Wanaoshughulika na foleni walikuwa wakiitumia kabla haijathibitishwa, hadi Mmarekani John Little alipochapisha uthibitisho wake mwaka 1961, na tangu hapo huitwa Kanuni ya Little. Huandikwa hivi:

```
L = λW
```

L ni oda zilizomo dukani kwa wastani, λ ni oda zinazotoka kwa siku, na W ni siku ambazo oda moja hukaa. Uzuri wake ni kwamba haijali nani anashona wala nguo ni ya aina gani. Inachodai ni kwamba tuhesabu kwa wastani wa kipindi kizuri, na kwamba oda zinazoingia na zinazotoka ziwe zinakaribia kulingana.

Sasa, fundi anayetaka kupunguza hizo siku 18 ana njia mbili tu: atoe nguo nyingi zaidi kwa siku, au apunguze mifuko iliyomo ndani. Wengi hukimbilia ya kwanza, na hapo ndipo fedha hupotea. Ukinunua meza kubwa zaidi ya kukatia au mkasi wa umeme, utakata nguo 8 kwa siku badala ya 6, lakini washonaji bado wanatoa 4. Kila jioni kuna vifurushi 4 vipya vilivyokatwa visivyo na wa kuvishona. Nguo zinazotoka mlangoni hazijaongezeka hata moja. Kama ni kuongeza nguvu, iongezwe pale kazi inapokwama, na pale utapajua kwa macho: ni sehemu ambayo mbele yake pana rundo, na baada yake watu wanasubiri kazi.

Kwa nini basi fundi mkuu hukata zaidi ya kinachoweza kushonwa? Mimi simlaumu haraka. Kitambaa kikishapitiwa na mkasi, mteja hawezi tena kukibeba kwenda kwa fundi wa jirani. Na oda mpya huja na malipo ya awali, ambayo ndiyo hulipa pango na umeme wa mwezi huu. Rundo lile, kwake, ni usalama. Lakini lina gharama ambayo haiandikwi kwenye daftari. Kati ya mifuko 72 vipimo vya mtu hupotea, kola ya shati hili huingia kwenye kifurushi cha lile, mteja aliyepimwa wiki tatu zilizopita amenenepa na gauni linarudi kufumuliwa. Na kila anayekuja kuulizia nguo yake humsimamisha mshonaji kwa robo saa ya kutafuta. Hivyo rundo lenyewe hula ile kasi ya nguo 4.

Njia ya pili hugharimu misumari. Pigilia misumari 24 ukutani, kila mfuko msumari wake, na uweke sharti: mfuko usio na msumari hauingii, na mkasi haushikwi mpaka mshonaji amalize alichonacho. Mifuko 24 kwa nguo 4 za kila siku ni siku 6.

Kutoka 72 hadi 24 hakutokei usiku mmoja. Duka likipokea oda 3 kwa siku na kutoa 4, rundo hupungua kwa mfuko mmoja kila siku, kwa hiyo mifuko 48 ya ziada itakwisha baada ya siku 48, yaani wiki nane. Anayekuja misumari ikiwa imejaa aandikwe jina na tarehe, arudi na kitambaa chake nyumbani. Hapa lazima tusemezane ukweli. Kama kila siku wanakuja wateja 6 na duka hutoa nguo 4, misumari haitafuta kusubiri, itakuhamishia kungoja huko nyumbani. Hapo dawa ni mshonaji wa tatu au kuwakubali wateja wachache. Faida ni kwamba kitambaa kiko kwako, unaweza kukipeleka kwingine, na fundi anaiona foleni yake halisi.

Ili kujua kama hesabu inakubaliana na duka, safu mbili za daftari zinatosha: tarehe mfuko ulipoingia na tarehe nguo ilipokamilika. Zilizokamilika lakini hazijachukuliwa zitundikwe pembeni, zisihesabiwe. Ikiwa mgawanyo unasema siku 6 na daftari linaonyesha wastani wa siku 10, kuna mifuko ambayo hukuihesabu. Itafute kwa fundi wa nje anayedarizi, au kwenye zile zinazongoja zipu ya rangi fulani. Na kumbuka wastani hauahidi kitu kwa mtu mmoja. Kila "mtu wa haraka" anayerushwa mbele ya foleni huwasukuma nyuma wote aliowapita, na wao ndio watakaosikia "njoo kesho".

Kanuni hii hulegea msimu unapofika, kwa sababu zinazoingia huzidi mno zinazotoka. Kabla ya Idi usitumie wastani, tumia siku zilizobaki. Zikiwa zimesalia siku 12 za kazi na duka hutoa nguo 4, nguo zinazoweza kukamilika ni 48. Ukiwa na 40 ndani, una nafasi ya 8 tu. Mteja wa tisa mwambie leo, kitambaa chake kikiwa bado kizima, ili apate muda wa kutafuta fundi mwingine au kununua nguo iliyokwisha kushonwa.