Kadi ya mtindo: ninachokusanya kwa kila mwanafunzi muhula ukianza

Kidato cha tano wakisharipoti Julai, wiki mbili za mwanzo sifundishi insha hata kidogo. Nawapa waandike tu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Temeke, na mchepuo wangu mkubwa ni HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Nusu ya darasa imetoka shule za Dar es Salaam na nusu imetoka mikoani, kwa hiyo simjui hata mmoja. Baada ya mwezi wataanza kuniletea kazi za nyumbani. Nikitaka kujua kama kazi niliyoishika ni ya mwenyewe, lazima niwe nimeshaona anavyoandika akiwa mbele yangu. Maandishi hayo ya mwanzo nayageuza kuwa kadi ya ukurasa mmoja kwa kila mwanafunzi.

Wenzangu wengi huchukua insha moja ya darasani na kuiweka kwenye faili. Haitoshi, na sababu kubwa ni namna shule zetu zinavyofundisha insha. Mpe mwanafunzi wa kidato cha tano mada kama "umuhimu wa fasihi simulizi" atakuandikia kile alichokaririshwa: utangulizi wenye maana ya dhana, hoja tano au sita zinazoanza kwa "Pia", "Vilevile" na "Hali kadhalika", kisha "Kwa kuhitimisha". Insha arobaini zitafanana, na utakachopima ni mwalimu wake wa kidato cha nne.

Kwa hiyo mada zangu nazichagua zisiingie kwenye mkondo huo. Ya kwanza: nielekeze kutoka nyumbani kwenu, au mahali unapokaa sasa, hadi shuleni, kana kwamba mimi ni mgeni niliyeshuka Mbagala leo. Hakuna aliyewahi kukaririshwa njia ya kwao, wala hakuna mahali pa kuweka "maana ya dhana". Ya pili ni ubishi: bodaboda zizuiwe kuingia Kariakoo au ziachwe? Hapo naona anavyojenga hoja akiwa na msimamo wake kweli. Ya tatu ni ufupisho. Wote wanapewa kifungu kimoja, wote wanaeleza mambo yaleyale, hivyo tofauti inayobaki kati yao ni ya mtindo tu. Kila moja ni dakika arobaini, kwa kalamu, simu zikiwa mezani kwangu. Natarajia maneno kama mia tatu kwa kila kazi.

Kisha kuna kipimo cha nne ambacho walimu wengi hukiruka, nami nakiona ndicho muhimu kupita vyote. Baada ya wiki moja nawarudishia insha ya bodaboda bila alama yoyote ya kalamu nyekundu. Nawapa kamusi na vipindi viwili mfululizo, waiboreshe na kuiandika upya. Kazi ya nyumbani ina muda, ina kamusi, imesomwa mara mbili. Ukiilinganisha na kitu kilichoandikwa kwa dakika arobaini, kila mwanafunzi mwenye bidii ataonekana mwizi. Kipimo cha nne kinanionyesha mtoto huyu akipewa nafasi anarekebisha nini na nini kinapita mbele ya macho yake asikione.

Sasa, kwenye kadi naandika nini? Jambo la kwanza ni urefu wa sentensi, nikiandika wastani pamoja na sentensi fupi kabisa na ndefu kabisa. Wastani peke yake hudanganya, kwa sababu kuna anayeandika maneno kumi na nane kila mara kama saa, na kuna anayeandika matano halafu arobaini. Jambo la pili ni virejeshi. Kiswahili kinakuruhusu kusema "mtu ambaye anauza" au "mtu anayeuza", na zote ni sahihi. Watu huegemea upande mmoja bila kujua, na hawabadiliki upesi, maana hakuna mwalimu anayewasahihisha. La tatu ni maneno madogo yanayoweza kubadilishana: "katika" au "kwenye", "kwamba" au "kuwa", "ila" au "lakini". La nne ni makosa ya kudumu ya tahajia na ya kutenganisha au kuunganisha maneno, kama "ana soma", "kwasababu", "kwahiyo". La tano silihesabu, nalieleza kwa sentensi moja: hoja yake inatembeaje? Anatoa dai kisha mfano, au anaanza na kisa ndipo aseme anachotaka?

Kupima waandishi kwa maneno madogo si jambo nililobuni mimi. Mwaka 1964 wanatakwimu Mosteller na Wallace walitumia maneno ya aina hiyo ya Kiingereza kuamua nani kati ya wanasiasa Hamilton na Madison aliandika makala zilizokuwa na utata, za kutetea katiba ya Marekani. Mwaka 2002 mtafiti wa fasihi John Burrows alipendekeza kipimo alichokiita Delta, ambacho kwa lugha nyepesi kinauliza: mwandishi huyu ameachana kiasi gani na wastani wa kundi zima katika kila neno dogo? Hesabu zenyewe hazitufai darasani. Zinataka maelfu ya maneno, nami kwa kila mtoto nina kama elfu moja na mia mbili, tena baadhi ni yaleyale yaliyoandikwa upya. Ila wazo la kundi nimelichukua lote. Nikimaliza kadi naweka alama kwenye kila tabia iliyo ya darasa zima. "Kwasababu" iliyounganishwa huwa naikuta kwa karibu nusu ya wanafunzi, basi haina thamani ya kumtambulisha mtu. Kubadilishana "r" na "l" vilevile: hilo linatokana na lugha ya kwao, na wengi wanaotoka eneo moja wanalo. Mwalimu anayesema "nimekujua kwa r na l zako" amemjua jirani yake pia.

Nitoe mfano wa kadi moja ilivyofanya kazi. Ni ya binti aliyekuja kutoka mkoani na kukaa kwa ndugu zake hapa mjini. Wastani wa sentensi zake katika kazi tatu za kwanza ulikuwa 18, 16 na 21. Katika virejeshi 14, 12 vilikuwa vya "amba-". "Kwenye" ilitokea mara 13, "katika" mara moja. "Kwasababu" na "kwahiyo" ziliunganishwa kila mahali, na alipoiboresha insha ya bodaboda alizitenganisha mbili tu, nyingine zikabaki. Kuhusu hoja niliandika: anaanza na kisa, dai linakuja mwisho wa aya.

Mwezi uliofuata alileta kazi ya nyumbani ya maneno kama mia sita kuhusu lugha ya mitaani. Kosa la tahajia hata moja hakuna. "Katika" imetokea mara 8, "kwenye" mara 2. Koma zimekaa zinapotakiwa. Mwalimu asiye na kadi angeishia hapo na kumwita ofisini. Nami nilitoa kadi. Wastani wa sentensi ulikuwa 20. Virejeshi vilikuwa 10, na 9 kati yake ni "amba-". Kila aya ilianza na kisa, cha kondakta, cha muuza mitumba, cha dada wa saluni, na dai likaja mwishoni. Yaani kilichobadilika ni kile ambacho mhariri hukigusa akipita juu juu: tahajia, nafasi kati ya maneno, koma, na "kwenye" kugeuzwa "katika". Kilichobaki ni kile ambacho mtu hawezi kukibadilisha bila kuandika upya.

Nilimuuliza swali ambalo nimeamua kuwa ndilo la kwanza daima:

"Hii umempa nani akusomee kabla hujaileta?"

"Shangazi, mwalimu. Anahariri vitabu."

Basi ikaishia hapo. Nikamwambia wakati mwingine amtaje shangazi chini ya kazi, na alete rasimu ya kwanza ikiwa imebanwa nyuma.

Kazi ya kijana mmoja wa darasa lilelile ilikwenda kinyume. Tahajia yake ilikuwa nzuri tangu mwanzo, hivyo juu juu hukuona lolote. Lakini kadi yake ilisema sentensi zake huruka kati ya maneno 6 na 38, na kazi ya nyumbani ilikuwa na sentensi zote kati ya 19 na 26. "Ila", ambayo kwake ni kama pumzi, haikuwepo. Kila aya ilikuwa na dai, sababu tatu na sentensi ya kufunga, wakati darasani hajawahi kufunga aya. Nilimwomba anieleze aya ya pili kwa mdomo, akashindwa kusema istilahi mbili alizozitumia zina maana gani. Ni maelezo hayo ya mdomo yaliyonifanya nimtake aandike upya mbele yangu. Kadi ilinielekeza tu aya ya kuuliza. Haiwezi kuniambia kama aliyeandika ni kaka mtu, mwalimu wa tuisheni au akili mnemba, na sijawahi kuipeleka kwa mwalimu wa taaluma kama ushahidi.

Kuna mahali kadi inapofeli kabisa. Ukilinganisha masimulizi na insha ya hoja, urefu wa sentensi na hata viunganishi vitakuwa tofauti kwa mtu yuleyule, kwa hiyo kazi ya hoja nailinganisha na bodaboda, ya masimulizi na njia ya nyumbani. Kazi fupi ya chini ya maneno mia mbili siipimi. Virejeshi vitatu vikigeuka haviniambii kitu. Na mwanafunzi aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea huandika Kiswahili kinachoyumba mno mwanzoni: kazi tatu za mwanzo zinakuwa kama za watu watatu. Huyo nangoja, naongeza kazi mbili za darasani kabla sijajaza chochote.

Muda nao hula kadi. Mtoto akisoma riwaya tatu kati ya Julai na Novemba, virejeshi vyake vitahama, na hiyo ndiyo kazi tunayolipwa kuifanya. Ndiyo maana katikati ya muhula nachukua insha nyingine ya darasani na kuandika takwimu mpya kwa wino wa rangi nyingine pembeni mwa zile za zamani, bila kuzifuta. Mabadiliko yaliyokuja polepole yanaonekana pale. Yaliyotokea kwa usiku mmoja pia yanaonekana.

Kuhusu muda wangu mimi: kadi moja huchukua kama dakika kumi na tano nikishazoea, na kwa darasa la watu sitini siwezi kuhesabu kila kitu. Kwa wengi urefu wa sentensi nauhesabu kwenye insha ya bodaboda peke yake, sentensi kumi za katikati, nikiacha za mwanzo na za mwisho kwa sababu ndipo mazoea ya kukariri hujificha. Virejeshi na maneno madogo nayapigia mstari ninaposoma. Wanafunzi nawaambia siku ya kwanza kwamba ninafanya hivi na kwa nini, na kila mmoja anaruhusiwa kuiona kadi yake. Mwisho wa mwaka nawakabidhi.