Lithiamu ndani ya ubongo, na joto la Mombasa nje yake

Ndugu za wagonjwa wa baipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi, huja kliniki yetu hapa Mombasa na swali la haki kabisa: hii lithiamu ni chumvi tu, inawezaje kumtuliza mtu aliyekesha siku tatu akiongea bila kituo?

Seli ya neva ikipokea ujumbe, hukata mafuta fulani yaliyo kwenye utando wake na kutoa kipande kinachofungulia kalsiamu, nayo seli ikachangamka. Kipande hicho kikishatumika huvuliwa fosfeti zake moja baada ya nyingine mpaka ibaki inositoli tupu, ambayo hurudi kutengeneza mafuta yale yale. Ni kama kreti ya soda: chupa tupu zisiporudi, soda mpya haiji. Na inositoli ya kwenye damu huingia ubongoni kwa shida, kwa hiyo neva hutegemea sana hii inayorudi.

Lithiamu hukizuia kimeng'enya kinachovua fosfeti ya mwisho. Tena hukibana kikiwa tayari kimeshika kazi. Neva iliyotulia ina kazi chache, basi haiguswi sana. Neva iliyopandwa na mori hubanwa zaidi, kadiri inavyozidi kuchangamka. Mimi naiona hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika dawa hii.

Lakini haielezi kila kitu. Inositoli hupungua ndani ya siku chache, ilhali mgonjwa huchukua wiki moja hadi tatu kutulia. Hapo huingia kimeng'enya cha pili, GSK-3. Hiki huhitaji magnesiamu ili kifanye kazi, na lithiamu huinyang'anya nafasi. GSK-3 ikipoa, protini iitwayo beta-katenini, ambayo kwa kawaida ingetiwa alama ya kuharibiwa, hujikusanya, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni. Mabadiliko ya aina hiyo huhitaji muda. Hata hivyo, watafiti bado wanabishana ni njia ipi yenye uzito zaidi.

Haya yote hutokea kwenye kiwango chembamba: kwa kawaida milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita ya damu. Chukulia mpakuzi wa mizigo Kongowea mwenye 0.8. Jua la Februari limemtoa jasho, juzi ameharisha, na kwa maumivu ya mgongo amenunua diklofenaki. Mwili ukipungukiwa na maji na chumvi ya kawaida, figo huishikilia sodiamu na kuirudisha lithiamu pamoja nayo. Diklofenaki nayo huzidi kuizuia isitoke. Kiwango kinaweza kupita 1.5 bila yeye kuongeza kidonge hata kimoja.

Mtetemeko mdogo wa vidole ni wa kawaida. Mikono ikitikisika kwa nguvu, akitapika, akipepesuka au ulimi ukiwa mzito, asimeze dozi inayofuata. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, apimwe damu. Kipimo cha kawaida cha kliniki ndicho kinachosubiri saa 12 baada ya dozi: aliyemeza saa tatu usiku hutolewa damu saa tatu asubuhi, kabla ya kidonge kingine.