"Kodi nimeshalipa, mkataba umejihuisha": dhana inayowatoa wapangaji kwenye fremu zao

Mwezi huu peke yake nimeisikia mara nne. Mara ya mwisho ilikuwa kwa kaka mmoja mwenye duka la vipuri vya pikipiki pale Kabwe, Mbeya: "Wakili, mimi sina wasiwasi. Kodi nimeshalipa, mkataba umejihuisha wenyewe." Naandika haya kwa sababu nimechoka kuwaeleza watu jambo hili wakati tarehe imeshawapita.

Dhana: Mkataba ukiisha nawe ukaendelea kulipa kodi, umepata muda mwingine kama ule wa kwanza.

Haujihuishi. Mkataba wa miaka mitatu unapoisha umeisha, labda uwe umeandikwa waziwazi kwamba utaendelea wenyewe. Mwenye nyumba akipokea kodi baada ya hapo, mara nyingi kinachozaliwa ni upangaji wa kipindi kwa kipindi, ambao Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautambua. Kipindi chake hufuata namna kodi inavyolipwa, na notisi ya kuuvunja hupimwa kwa kipindi hichohicho. Anayelipa mwezi kwa mwezi anaweza kupewa notisi ya mwezi mmoja. Miaka mitatu mingine uliyoihesabu kichwani haipo, na kikomo cha ongezeko la kodi mlichokubaliana kwa miaka hiyo hakipo.

Kilichokuwepo ni kipengele cha kuhuisha, na kipengele hicho kina tarehe. Dada mmoja anayeuza pembejeo Mwanjelwa alikuja kwangu na mkataba ulioanza tarehe 1 Machi 2022 na kuisha tarehe 28 Februari 2025. Kodi yake ya mwisho ilikuwa shilingi 350,000 kwa mwezi. Mkataba ulimpa haki ya miaka mitatu mingine kwa ongezeko lisilozidi asilimia 10, yaani kodi isingevuka 385,000. Sharti lilikuwa moja: taarifa ya maandishi "imfikie mwenye jengo si chini ya miezi mitatu kabla ya mkataba kuisha".

Hesabu ya sharti hilo ndiyo inayowaangusha wengi. Ukirudi nyuma miezi mitatu kwa tarehe inayolingana unafika tarehe 28 Novemba 2024. Ukitaka Desemba, Januari na Februari ziwe nzima, unafika tarehe 30 Novemba. Mawakili wanaweza kubishana kuhusu siku hizo mbili, lakini mpangaji hana sababu ya kuwalipa wabishane. Chukua tarehe ya mapema. Tena usigeuze "miezi mitatu" kuwa "siku 90". Kwa mkataba unaoisha tarehe 31 Agosti, miezi mitatu inakurudisha tarehe 31 Mei, ilhali siku 90 zinakurudisha tarehe 2 Juni. Anayehesabu siku hapo amechelewa siku mbili na hajui.

Dada huyu aliandika barua yake. Lakini Novemba huku kwetu ni mwezi wa mbolea na mbegu, mvua zinaanza, wateja wanatoka Mbozi na Mbarali, na hakuna anayefungua faili la mkataba. Tarehe 27 ilikuwa siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Akaituma barua tarehe 28 kwa basi la Kyela, anakoishi mwenye jengo. Mzee aliichukua Jumatatu, tarehe 2 Desemba, na akaandika tarehe hiyo kwenye bahasha.

Februari dada akalipa kodi ya Machi hadi Mei kwa simu, ileile 350,000 kwa mwezi, mzee akaipokea bila neno. Katikati ya Aprili ikaja barua: kuanzia Juni kodi ni 500,000, asiyeweza aondoke. Nikamweleza kwamba mkataba ulisema "imfikie", haukusema "itumwe". Haki ya kuhuisha ni ya upande mmoja: mwenye jengo amefungwa, mpangaji yuko huru kuitumia au kuiacha. Kwa sababu hiyo sheria humtaka mpangaji atimize sharti lake kama lilivyoandikwa, na hata ukihesabu kwa tarehe 30 Novemba, siku mbili ni kuchelewa kama miezi miwili. Tuliongea na mzee, akashuka hadi 450,000. Kwa kodi hiyo dada analipa 65,000 zaidi kila mwezi kuliko kikomo alichokuwa nacho mkononi, sawa na 780,000 kwa mwaka.

Kwa hiyo kwenye kalenda ya dukani usiandike tarehe ya mkataba kuisha halafu ukaona umemaliza. Andika siku ya mwisho ya barua kumfikia mwenye nyumba, kisha rudi nyuma siku 30 na uandike "peleka barua leo". Kwa dada huyu ingekuwa tarehe 29 Oktoba, kabla msimu haujachanganya. Barua iwe nakala mbili, ipelekwe na mtu kwa mkono, na mwenye nyumba aandike jina, tarehe na sahihi kwenye nakala yako. Ujumbe wa wasapu ni mzuri wa kumkumbusha, lakini mkataba ukidai barua, mpe barua.

Dhana: Mwenye nyumba asipopandisha kodi siku ya mwaka kutimia, ameshapoteza nafasi.

Hapa mambo ni kinyume na notisi ya kuhuisha. Mkataba usiposema kwamba kuchelewa kunaiua haki ya kupitia kodi upya, usitegemee kuchelewa kwake. Anaweza kuja miezi minne baadaye na kudai tofauti tangu siku mwaka ulipotimia, kama maneno ya mkataba yanamruhusu. Wewe weka tofauti hiyo pembeni kila mwezi. Mwaka wenyewe huhesabiwa tangu tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye mkataba. Siku uliyosaini, siku uliyohamia na Januari mosi hazihusiki. Wapo pia wanaosubiri serikali imzuie mwenye nyumba kwa ile sheria ya zamani ya udhibiti wa kodi za nyumba. Ilifutwa mwaka 2005. Kinachokulinda ni kikomo ulichokiandikisha.

Dhana: Amana ni kodi ya mwezi wa mwisho, na ikibaki itarudi siku mkataba unapoisha.

Amana, au dipoziti kama wengi wanavyoiita, ni ya kufidia uharibifu na madeni. Ukiacha kulipa mwezi wa mwisho ukisema "kata humo", wewe ndiye uliyevunja mkataba, na mwenye nyumba anaingia kwenye ukaguzi akiwa na hoja. Muda wa kuirudisha ni ule ulioandikwa kwenye mkataba wenu, kwa hiyo mkataba usiotaja siku umekuacha ukiomba. Mikataba mingi ninayoiona inasema siku 14 au 30 tangu kukabidhi chumba. Maana yake saa inaanza kwenda ukikabidhi funguo, hata kama mkataba uliisha wiki mbili kabla.

Siku hiyo kagueni pamoja, pigeni picha, andikeni usomaji wa mita ya maji na salio la luku, wote wawili msaini. Maji ndiyo huchelewesha zaidi, kwa sababu bili ya mwezi wa mwisho huja mwezi unaofuata, na mwenye nyumba anakaa na amana yote akiisubiri. Ukishakuwa na usomaji uliosainiwa, nenda ofisi ya maji, uliza deni hadi siku ile, lilipe, na umpelekee risiti. Kisha hesabu siku 14 au 30 na uziandike kwenye kalenda hiyohiyo. Zikipita, peleka dai la maandishi siku inayofuata, na uambatanishe karatasi ya ukaguzi na risiti ya maji.