Chakula kinapokawia tumboni: maswali na majibu kwa wenye kisukari

Mama yangu ana miaka 56 na ameishi na kisukari kwa miaka 17. Siku hizi akila vijiko vitano tu anasema ameshiba, na asubuhi hutapika maharage aliyokula jana usiku. Tuliambiwa ni vidonda vya tumbo, lakini wiki sita za dawa hazijamsaidia. Ni ugonjwa gani huu?

Maharage ya jana yanayotoka leo yakiwa bado yanatambulika ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito, kwa sababu mlo wa kawaida huwa umekwisha kutoka tumboni, karibu wote, ndani ya saa nne. Kwa mtu aliyeishi na kisukari kwa zaidi ya miaka kumi, jambo la kufikiriwa mapema ni tumbo lililopungua nguvu ya kusukuma chakula, hali ambayo madaktari huiita gastroparesisi.

Tumbo hufanya kazi mbili ambazo mtu mwenye afya hazisikii. Sehemu yake ya juu hulegea ili kupokea chakula, na sehemu ya chini hukisaga na kukipigapiga mpaka kiwe chembe za milimita moja au mbili, ndipo mlango wa chini unapokiruhusu kuingia kwenye utumbo mwembamba kidogo kidogo. Kazi zote mbili huongozwa na neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo, pamoja na seli maalumu ndani ya ukuta wa tumbo ambazo hupiga mapigo ya kuamsha misuli. Sukari iliyokaa juu kwa miaka mingi huharibu neva hiyo na kupunguza seli hizo, kama inavyoharibu neva za miguu hadi nyayo zikafa ganzi. Sehemu ya juu isipolegea vizuri, mtu hushiba kwa vijiko vichache, na ya chini isiposaga, chakula hukaa, tumbo likajaa, kichefuchefu kikaja na hatimaye matapishi. Dawa za vidonda hupunguza asidi tu. Hazirudishi nguvu ya kusukuma, na huenda ndiyo sababu wiki sita zimepita bila nafuu.

Daktari atajuaje kwa hakika kwamba ni hili?

Kwanza lazima aondoe uwezekano wa njia kuziba, kwa kuwa kovu la kidonda au saratani kwenye mlango wa chini wa tumbo huleta dalili zilezile. Hilo hufanywa kwa endoskopia, yaani kamera nyembamba inayopitishwa kooni hadi tumboni. Ikiwa mgonjwa amefunga kula tangu usiku na bado daktari anakuta mabaki ya chakula huku njia ikiwa wazi, dalili hiyo ina uzito mkubwa. Kipimo chenyewe cha kasi ya tumbo hufanywa kwa mlo uliotiwa kiasi kidogo cha kemikali ya mionzi, kisha picha hupigwa kwa saa nne. Zaidi ya asilimia 10 ya mlo ikibaki hadi mwisho wa muda huo, tumbo linachelewa. Kwa kuwa mashine hiyo haipo kila hospitali, madaktari wengi hutegemea endoskopia na historia ya mgonjwa.

Mambo mawili huweza kumpotosha daktari. Sukari iliyo juu siku ya kipimo, hasa inapopita milimoli 15 kwa lita, hupunguza mwendo wa tumbo hata kwa mtu ambaye neva zake ni nzima. Zipo pia dawa zinazolizuia tumbo: dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni kama tramadoli, amitriptilini ambayo wagonjwa wengi wa kisukari hupewa kwa ajili ya ganzi na moto wa miguu, na sindano mpya za kisukari na kupunguza uzito kama semaglutaidi. Mpelekee daktari vidonge na sindano zote anazotumia mama, kwa sababu pengine kubadilisha moja kutafanya kazi kuliko kuongeza nyingine.

Sukari yake inatushangaza. Anakula saa 2 usiku, saa 4 anatetemeka na kutoa jasho, sukari inasoma 3.2. Saa 12 asubuhi inasoma 16.8. Kituoni wameongeza insulini ya jioni. Ni sawa?

Tufuate usiku mmoja hatua kwa hatua. Tuseme anachoma insulini ya mchanganyiko nusu saa kabla ya chakula, kama alivyofundishwa, kisha anakula ugali wa dona, maharage na mchicha wa nazi. Sehemu ya insulini inayofanya kazi haraka huingia kwenye damu kwa wakati wake, lakini ugali bado umelala tumboni na sukari yake haijafika kwenye utumbo ambako hufyonzwa. Insulini inaikuta sukari iliyomo mwilini peke yake na kuishusha hadi 3.2. Anapewa chai ya sukari na mkate, anatulia, analala. Usiku wa manane tumbo linaanza kutoa ugali na mkate kidogo kidogo, wakati nguvu kubwa ya insulini imekwisha, na kufikia alfajiri sukari ni 16.8.

Anayeangalia namba ya asubuhi peke yake ataongeza dozi, na kesho yake saa 4 usiku sukari itashuka zaidi. Kosa hili ni rahisi kufanywa na mtu mwenye nia njema kabisa, na ndiyo maana namba moja kwa siku haitoshi. Kwa siku nne au tano mpimeni kabla ya mlo wa jioni, saa mbili baada yake na alfajiri, mwandike saa, chakula alichokula na kama alitapika, kisha mrudi na daftari hilo haraka, kwa sababu 3.2 baada ya mlo haipaswi kusubiri kliniki ya mwezi ujao. Daktari anaweza kusogeza sindano iwe wakati wa kula au baada ya kula, au kutenganisha insulini ya siku nzima na ile ya mlo. Msibadilishe wenyewe, na msiiache kwa kuwa tu hajala.

Akishuka tena, mpeni kitu cha maji: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Kimiminika hupita tumboni haraka kuliko mkate au biskuti. Mpimeni tena baada ya dakika 15, na mrudie kama bado yuko chini ya 4. Akiwa hajitambui, msimtie kitu mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na mumpeleke hospitali.

Miaka yote ameambiwa ale dona, maharage na mboga za majani kwa wingi. Sasa aache?

Kwa sehemu kubwa ndiyo, ingawa najua jinsi inavyogonga masikio baada ya miaka 17 ya kusikia kinyume chake. Nyuzinyuzi za dona, maganda ya maharage na majani ya mchicha husaidia mgonjwa wa kisukari ambaye tumbo lake linasaga. Kwa tumbo lisilosaga, hivyo ndivyo vinavyobaki nyuma, na nyuzi zikikaa kwa muda mrefu zinaweza kujisokota zikawa bonge gumu linaloziba njia. Makande, nyama ya kutafuna, nazi iliyokunwa, nyuzi za embe na ngozi nyeupe ya chungwa vimo katika kundi hilo. Mafuta nayo huchelewesha kwa njia nyingine: yakifika kwenye utumbo mwembamba, utumbo hutuma ishara za kulipunguza tumbo mwendo, kwa hiyo mandazi, chapati za mafuta na tui zito la nazi humlemea hata akila kidogo.

Kanuni ya kuanzia ni ukubwa wa chembe. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa kwa wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini na wenye tatizo hili, ulionyesha kwamba waliokula chakula kilichopondwa laini walipungukiwa na kichefuchefu, kutapika na kujaa tumbo, ingawa maumivu ya tumbo hayakubadilika. Kipimo cha jikoni ni uma: kama chakula hakipondeki kwa uma kikawa laini kama kiazi kilichoiva, kisagwe au kiachwe.

Kwa mama huyu siku ingeweza kwenda hivi. Saa 1 asubuhi anywe kikombe kimoja cha uji mwepesi wa sembe au wa mchele wenye maziwa, usio na sukari. Saa 4 ale yai moja la kuchemsha lililopondwa, au anywe kikombe cha mtindi. Mchana awe na wali uliopikwa ukalainika, kiasi cha ngumi yake, pamoja na samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba na kuchambuliwa, na boga au karoti iliyomenywa na kupondwa. Alasiri apate nusu ya ndizi mbivu, na saa 1 usiku bakuli dogo la mtori mwepesi ambao nyama yake imesagwa. Ni milo mitano au sita midogo, na usiku ndio uwe mwepesi kuliko yote. Mafuta yaliyomo kwenye kinywaji, kama maziwa, kwa kawaida huvumilika kuliko ya kukaangia, na hiyo ni njia mojawapo ya kumlinda asikonde. Baada ya kula akae wima au atembee polepole kwa saa moja au mbili, wala asilale.

Vyakula laini vya wanga hupandisha sukari haraka, kwa hiyo kiasi kibaki kidogo na daftari la vipimo liendelee. Siku ambayo chakula kigumu hakipiti, abaki na supu iliyochujwa, uji na maziwa, kisha arudi polepole.

Kuna dawa?

Metoklopramidi ndiyo inayotumika zaidi, kwa kawaida miligramu 10 au pungufu nusu saa kabla ya mlo. Haifai kuendelezwa zaidi ya wiki 12 bila sababu nzito, kwa kuwa inaweza kuleta mchezo wa midomo, ulimi au uso usiozuilika, ambao huenda usiondoke hata dawa ikiachwa. Mkiona dalili hiyo, mwambieni daktari siku hiyohiyo. Domperidoni inahitaji uangalifu kwa wenye matatizo ya moyo, na erithromisini husukuma tumbo vizuri, ila nguvu yake hupungua baada ya wiki chache.

Ni lini kutapika kunakuwa hatari?

Mgonjwa wa kisukari anayetapika asichukuliwe moja kwa moja kuwa ni tumbo lake la siku zote. Sukari inapokuwa juu huku anapumua kwa kasi na kwa kina, pumzi ikinuka kama matunda yaliyochacha, tumbo likiuma na akisinzia, huenda damu imejaa asidi ya ketoni, na hilo linaweza kuua ndani ya saa chache. Mpelekeni hospitali usiku huohuo. Fanyeni hivyo pia akitapika damu au kitu cheusi kama kahawa iliyosagwa, akishindwa kubakiza hata maji, au akikaa saa nane bila kukojoa. Uzito ukipungua kutoka kilo 60 hadi 56 bila kukusudia, hata kama kutapika kumetulia, arudi kliniki ili aonwe na mtaalamu wa lishe.