Chipu ikitoka nene mashine inalemewa: pembe ya mkato na duara la Merchant

Hapa karakana ya chuo tunapofundisha kukereza, kijana akiniambia mashine inalia siangalii mashine kwanza, nainama naokota chipu, kile kipande cha chuma kilichokatwa na kisu, pale chini. Naipima unene. Maana ile chipu inabeba karibu hadithi yote ya nguvu zinazopita kwenye kisu, na leo nataka niielezee taratibu kwa kutumia mchoro mmoja tu wa duara, hata kama hesabu uliiacha shule miaka mingi iliyopita utaelewa.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi wanadhani kisu cha leti kinaingia kwenye chuma kama shoka kwenye kuni, kinapasua mbele. Sivyo. Chuma kilichoko mbele ya kisu kinasukumwa mpaka kinashindwa kuvumilia, kinateleza kwenye mstari wa mshazari unaoanzia kwenye ncha ya kisu kwenda juu mpaka usoni mwa chuma, tabaka moja baada ya jingine, kama karata zilizopangwa ukazisukuma kwa kiganja. Huo mshazari ndio mstari wa mkato, na pembe yake ukilinganisha na mwelekeo wa kukata ndiyo pembe ya mkato, tunaiandika φ. Pembe ikiwa ndogo mshazari unakuwa mrefu, eneo la chuma linalotakiwa kuteleza linakuwa kubwa, nguvu inapanda na chipu inatoka nene. Pembe ikiwa kubwa mshazari ni mfupi, chipu nyembamba, mashine inapumua.

Sasa tuchukue kazi halisi. Bomba la chuma cha kaboni ya kati, ukuta wake milimita 3, kipenyo cha katikati ya ukuta milimita 60, tunalikata usoni kwa kisu kilichonyooka, yaani ukingo wa kisu uko mraba kabisa na mwendo wa kukata. Hii ndiyo maana tunatumia bomba, ukikereza shafti ya kawaida ncha ya kisu inakata pande mbili na nguvu zinakwenda pande tatu, duara letu halifai tena. Fidi, yaani kisu kinavyosogea kuingia kwenye bomba, ni milimita 0.2 kwa mzunguko, na uso wa kisu umelala nyuma nyuzi 10 (hiyo ni pembe ya reki, α).

Chipu tumepima milimita 0.5. Iliingia 0.2 ikatoka 0.5, uwiano r ni 0.4, halafu:

```
tan φ = r cos α / (1 - r sin α)
```

Inatoka nyuzi 23 hivi. Ila hapo kwenye kupima ndipo vijana wanapoharibu. Mgongo wa chipu una meno meno, ule uso uliosugua kisu ndio unang'aa, kwa hiyo vania ikishika vilele vya yale meno inasoma unene zaidi ya ule wa kweli na φ inatoka ndogo. Njia ninayoipenda mimi ni ya urefu: piga mfereji mmoja kwa tupa kwa urefu wa bomba, basi kila mzunguko chipu inakatikia pale kwenye mfereji. Mzunguko wa bomba letu ni kama milimita 188, ukinyoosha chipu kwa uzi ukakuta milimita 75, uwiano ni 0.4 ileile, na urefu wa namna hiyo hata rula inautosha.

Nguvu tunazisoma kwenye dainamomita iliyofungwa chini ya kisu, nayo inatoa namba mbili tu. Nguvu ya kukata, inayofuata mwendo wa chuma, tuseme 1400 N, na nguvu ya kusukuma ile ya upande wa fidi, 700 N. Hizi mbili peke yake hazikuambii kinachoendelea pale ndani, na hapa ndipo anaingia Eugene Merchant, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya mashine kule Cincinnati, kazi yake ya mechanics ya kukata ilichapishwa miaka ya 1940.

Chukua karatasi, sentimita 1 iwe 100 N. Chora mstari wa kulala wa sentimita 14 kwenda kulia, mwisho wake ushuke chini sentimita 7, kisha unganisha mwanzo na mwisho. Huo mshazari ni nguvu ya jumla, utakuta sentimita 15.65, yaani 1565 N. Sasa ufanye huo mshazari uwe kipenyo, chora duara. Mnakumbuka pembe iliyo ndani ya nusu duara huwa ni nyuzi 90? Ujanja wote uko hapo: nguvu ya jumla ni moja ileile, ila ukiigawa kwa pande mbili zozote zilizo mraba, kona yao lazima iangukie kwenye duara.

Toka kwenye nukta ya mwanzo piga mstari ulioinuka nyuzi 23 juu ya ule wa kulala, ukigusa duara pima: sentimita 10.2. Hiyo ni nguvu inayotelezesha chuma kwenye mstari wa mkato, karibu 1016 N. Eneo la chuma linaloteleza kwenye mstari wa mkato ni 3 × 0.2 gawa kwa sin 23, yaani milimita mraba 1.54, kwa hiyo chuma kinateleza kwenye mkazo wa 660 N kwa milimita mraba. Rudi nukta ileile, piga mstari wa pili ulioinuka nyuzi 10, hiyo ni reki yetu. Unagusa duara kwenye sentimita 12.6, huo ndio mgandamizo wa chipu juu ya uso wa kisu, na kutoka hapo mpaka ncha ya kipenyo ni 9.3, msuguano. Gawa, unapata 0.74. Chuma juu ya chuma kilichopakwa mafuta huwezi kukuta msuguano wa hivyo, lakini huku chipu ni mpya, ina moto na imebanwa vibaya mno.

Merchant hakuishia kwenye kuchora, alisema chuma kitachagua pembe inayotumia nishati ndogo kabisa, akapata

```
φ = 45 + α/2 - β/2
```

β ni pembe ya msuguano, ile ambayo tan yake ni ule msuguano wa 0.74, kwetu nyuzi 36.6. Weka namba, inatoka 31.7, wakati sisi tumepima 23! Watafiti Lee na Shaffer mwaka 1951 walikuja na 45 + α - β, hiyo inatoa 18.4. Chipu yetu imekaa katikati, na mimi sioni aibu kuwaambia wanafunzi kwamba fomula zote mbili hazikupatia. Duara lenyewe halina kosa, hilo ni jiometri tu, kinachoyumba ni dhana kwamba mkazo wa chuma haubadiliki na kwamba msuguano una namba moja uso mzima wa kisu. Kwa hiyo fomula itumie kujua mwelekeo: ukipunguza msuguano au ukiongeza reki φ inapanda. Pembe yenyewe ipime.

Na kisu kiwe kikali. Kikiisha makali ukingo unasugua chuma kilichobaki chini yake, ile 700 inapanda bila chipu kubadilika sana, ukiingiza kwenye duara unapata msuguano wa uongo. Chuma cha kutupwa nacho chipu zake zinavunjika vunjika, hapo hakuna cha kupima.

Tukirudi kwa yule kijana na mashine inayolia, kwenye mota ni ile 1400 tu inayokula umeme, ya kusukuma haili karibu chochote maana mwendo wa fidi ni mdogo. Kwa mwendo wa mita 100 kwa dakika ni wati 2333, na mota yake ni ya 2.2 kW.