Matabaka na uhamaji wa kijamii: nyumba ya Majengo na mnazi wa Kilifi

Mhadhara wa sosholojia kuhusu matabaka huanza na neno "tajiri" na "maskini", na hapo ndipo wengi hukwama. Utabaka ni mpangilio unaowaweka watu juu na chini kwa vizazi, hata wale waliouanzisha wakishakufa. Mwanasosholojia Max Weber alitenganisha mambo matatu ndani yake: mali, heshima na mamlaka. Pwani ya Kenya tunajua kwamba hayaendi pamoja siku zote. Sharifu asiye na kitu hupishwa mbele msikitini, na mfanyabiashara mwenye malori huulizwa bado ni wa ukoo gani. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, lakini swali la nani muungwana na nani si muungwana liliendelea kuamua ndoa kwa miaka mingi baadaye.

Uhamaji ni mtu kutoka nafasi moja kwenda nyingine katika mpangilio huo. Mwanasosholojia Pitirim Sorokin, aliyeandika juu yake mwaka 1927, alitofautisha uhamaji wa wima, yaani kupanda au kushuka, na wa mlalo, yaani kusogea pembeni. Dereva wa matatu akihamia tuktuk amebadilisha kazi tu, tabaka ni lile lile. Huo ni mlalo, na ndio unaowadanganya watu wengi wanaosema fulani "ametoka". Kuna pia tofauti ya mtu kupanda peke yake na ngazi yenyewe kubadilika. Makuli wa bandari ya Kilindini, Mombasa, walikuwa vibarua wa kutwa. Baada ya migomo ya 1939 na 1947, na hatua zilizochukuliwa miaka ya 1950, kazi ya bandari ikawa ya kudumu zaidi kwa wengi wao. Hakuna aliyesoma zaidi wala kuamka mapema zaidi kuliko jana. Kazi ndiyo iliyobadilika. Makontena yalipoingia, ikabadilika tena, safari hii kwa kupunguza mikono.

Tuchukue familia ya kubuni. Babu ni kuli, anapata kazi ya kudumu na kujenga nyumba ya Kiswahili Majengo: vyumba sita, ukumbi katikati, vinne vinapangishwa. Kwa kipato amepanda. Lakini nyumba ni yake na kiwanja si chake. Mombasa jambo hili ni la kawaida, watu huliita nyumba bila ardhi: kila mwezi unamlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi, na huna hati. Mwanawe anapotaka mkopo wa kununua lori, benki inauliza hati, na kuta hazitoshi. Anapotaka kuongeza ghorofa, mwenye kiwanja anakataa, kwa sababu jengo la kudumu humfanya mwenye nyumba kuwa mgumu kuondolewa. Mjukuu anarithi vyumba vile vile sita, vya kugawana na ndugu watano. Ukiangalia mshahara wa babu utaona uhamaji. Ukiangalia alichoacha, utaona kidogo sana.

Sasa vuka daraja la Nyali uelekee Kilifi. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka watu wa Pwani wawasilishe madai ya ardhi yao, na ardhi isiyothibitishiwa mwenyewe ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda, waliokuwa wakimiliki kwa ukoo, wengi waliishia kuwa maskwota. Skwota aliruhusiwa kupanda mahindi na mihogo. Mnazi hapana. Kwa desturi ya Pwani mti huweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine, na mnazi huzaa kwa miongo mingi; aliyeupanda ana dai. Kwa hiyo mwenye shamba alikataza mnazi kwa sababu ile ile mwenye kiwanja cha Majengo anakataza ghorofa. Mtaalamu mzuri wa matabaka, nadhani, angeuliza swali hilo kwanza: mtu huyu amekatazwa kupanda nini? Kijana wa hapo akienda mjini kuwa askari wa lango katika hoteli, anapata pesa taslimu ambazo baba yake hakuwahi kuziona, lakini anaishi chumba cha kupanga, na kule nyumbani ardhi bado ni ya mwingine. Ni uhamaji wa mahali ambao haujawa wa tabaka.

Mara nyingine serikali hupandisha kundi zima kwa kalamu. Januari 2016 wakazi wa shamba la Waitiki, Likoni, walipewa hati baada ya mgogoro mrefu, ekari 930 kwa jumla, pamoja na deni la kulipia. Kupima kama wamehama tabaka kunahitaji subira: mtu analinganishwa na mzazi wake walipokuwa na umri unaokaribiana, na mwenye hati anaweza kuiuza siku anapodaiwa karo au hospitali. Hapo hati imehamia kwa tajiri, na yeye amerudi kuwa mpangaji, pengine kwenye kiwanja kile kile.